Sura ya Sita: Kutoka Rekodi ya Simu Hadi Ukurasa Mmoja

Wakae watu wawili, msimamizi na mfanyakazi wake, wazungumze kwa dakika 48 kuhusu kazi ya miezi mitatu iliyopita, simu ikirekodi mezani. Mwishoni kila mmoja aseme sawa, wapeane mikono. Kesho yake mwulize kila mmoja peke yake walikubaliana nini. Msimamizi atakutajia malengo manne. Mfanyakazi atakutajia mawili, na moja kati ya hayo halimo katika orodha ya mwenzake.

Rekodi haiondoi tatizo hili. Inaweza hata kulizidisha, kwa sababu kila upande unakwenda zake ukiamini kwamba ushahidi upo. Na kweli upo, ila ni ushahidi wa yaliyosemwa. Yaliyokubaliwa ni jambo jingine, na hayapatikani kwa kusikiliza mara ya pili wala ya tano. Hupatikana pale wawili hao wanapowekewa maandishi mbele yao na kuulizwa, mstari kwa mstari, kama ndivyo. Sura hii inahusu namna ya kuyafikia maandishi hayo, nami nitaifuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfano wenyewe nimeuunda, lakini vipande vyake vyote ni vya kila siku kwa mtu wa mpakani. Kuna kampuni ya uwakala wa forodha. Ofisi yake kubwa iko Busia upande wa Kenya, na ofisi ndogo ya watu wawili watatu iko Malaba upande wa Uganda, katika Wilaya ya Tororo. Msimamizi anakaa Busia. Karani wa nyaraka anakaa Malaba. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, entri ya mzigo unaokwenda Uganda huingizwa na kodi kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya karani wetu haifanyiki tena dirishani. Nyaraka zinamjia kwa WhatsApp, yeye anazisoma, anaijaza entri katika ASYCUDA World, anaiwasilisha, halafu anajibu maswali ya maafisa wa forodha yakija. Akichelewa, lori linakaa, na lori likikaa mteja hampigii karani, anampigia msimamizi.

Siku ya tathmini karani amepanda matatu mpaka Busia. Wamekaa katika chumba cha nyuma kwa sababu upande wa barabarani malori yananguruma na sauti haitasikika. Simu imewekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa kuwa meza ya mbao hupeleka kila mgongano wa kalamu na kila kikombe moja kwa moja kwenye maikrofoni.

Kabla ya neno la kwanza la kazi, ridhaa inarekodiwa ndani ya rekodi yenyewe. Msimamizi anasema tarehe, anasema nani wapo, anasema rekodi ni ya kuwasaidia kuandika ukurasa wa makubaliano, itasikilizwa na wao wawili tu, na itafutwa ukurasa ukishatiwa sahihi. Kisha anamwuliza karani kama anakubali, na anangoja jibu litoke kwa mdomo. Kutikisa kichwa hakurekodiki. Kenya na Uganda zote mbili zina sheria ya kulinda data binafsi, na zote ni za mwaka 2019. Zote zinataka mtu aambiwe data yake inachukuliwa kwa kusudi gani, na zote zinakataza kuihifadhi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kusudi hilo. Sauti ya mtu akieleza udhaifu wake kazini ni data binafsi. Zaidi ya hapo, rekodi ikitumwa kutoka Busia kwenda Malaba imevuka mpaka wa nchi, hata kama bodaboda angeweza kuifikisha kabla chai haijapoa, na sheria zote mbili zina masharti juu ya data inayotoka nchini. Njia nyepesi ni kutoituma kabisa. Isikilizwe mahali pamoja, na linalosafiri liwe ule ukurasa.

Mazungumzo yakiisha, watu wengi hukimbilia moja ya njia mbili, na zote ni mbovu. Wa kwanza huandika kila neno. Mtu aliyezoea kazi hiyo hutumia saa nne au zaidi kwa saa moja ya sauti, na matokeo yake ni kurasa ishirini ambazo hakuna atakayezisoma. Wa pili huandika muhtasari kutoka kichwani, yaani anaandika aliyoyakumbuka, na binadamu hukumbuka vizuri zaidi aliyoyasema yeye. Kilicho bora ni kusikiliza mara moja yote, daftari mkononi, na kuandika dakika na nani kasema nini pale tu penye jambo. Kwa dakika 48, kazi hii huchukua kama saa moja na nusu. Ifanywe siku hiyohiyo au kesho yake, wakati bado unakumbuka nani alicheka na kwa nini.

Hivi ndivyo daftari la mfano wetu linavyosomeka katika sehemu zilizo na uzito:

07:10 Msimamizi: "Entri zinachelewa sana, ndugu yangu. Wateja wananipigia mimi."
07:25 Karani: "Nitajaribu, madam."
11:40 Karani anasema nyaraka zinamfikia usiku, tena kwa picha zisizosomeka, namba ya kontena imekatika.
19:05 Karani: "Bando natoa mfukoni, elfu tano kila wiki." Msimamizi: "Hiyo tutaiangalia."
26:30 Msimamizi: "Madereva wanasema hushiki simu." Kimya, sekunde 9.
31:15 Msimamizi: "Basi entri zote ziwe zinaingia siku hiyohiyo, kabla ya fo." Karani: "Sawa."

Angalia kwamba kimya kimeandikwa na urefu wake. Katika muhtasari wa kukumbuka, zile sekunde 9 zingekuwa zimegeuka na kuandikwa "karani alikiri kutoshika simu." Hakukiri. Hakukana pia. Daftari linabakiza hali ilivyokuwa, na swali litaulizwa baadaye.

Sasa kila mstari unapewa aina yake. Nimeona aina nne zinatosha: dai, dukuduku, ombi na ahadi. Dai ni jambo linaloweza kuthibitishwa kwa kumbukumbu za ofisi, kama kwamba entri zinachelewa. Dukuduku ni linalomkera au kumtia mtu wasiwasi, na lina mwenyewe. Ombi ni jambo mtu analotaka afanyiwe. Ahadi ni jambo ambalo mtu amesema kwamba atalifanya yeye. Ukipanga hivi utashangaa jinsi ahadi zilivyo chache. Katika mistari yetu sita hakuna hata moja iliyo safi. "Nitajaribu" ya dakika ya 7 ni heshima kwa mkubwa. "Tutaiangalia" ya dakika ya 19 haina mtu ndani yake. Je, ni msimamizi, ni mhasibu, ni mkurugenzi? Na "sawa" ya dakika ya 31 yaweza kuwa nimekubali, yaweza kuwa nimekusikia, yaweza kuwa madam tumalize nikawahi gari. Rekodi haiwezi kukuambia ni ipi. Mwenyewe ndiye anayeweza, na ndiyo maana ataulizwa.

Kabla ya kuandika rasimu, kuna mambo matatu ambayo mpakani hupotosha maandishi kimyakimya, nayo yote yamo katika daftari letu.

La kwanza ni fedha. Karani aliposema elfu tano, alikuwa na shilingi ya Uganda kichwani. Msimamizi anahesabu kwa ya Kenya. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa kama 28 za Uganda, kwa hiyo karani anazungumzia chini ya shilingi 200 za Kenya kwa wiki, na msimamizi alisikia 5,000. Hapo "tutaiangalia" yake inaeleweka: alidhani kijana anapandisha bei, akaona haya kumbishia. Dukuduku ambalo lingemalizwa hapohapo kwa kuingiza mkono mfukoni limeahirishwa bila tarehe. Kila kiasi kwenye ukurasa kiandikwe na nchi yake.

La pili ni saa. "Kabla ya fo" ni saa kumi jioni. Mwandishi aliyechoka ataandika "kabla ya saa 4", na msomaji wa Kiswahili atasoma saa nne asubuhi. Nimezoea kuandika zote mbili: saa 10 jioni (16:00).

La tatu ni kalenda. Tarehe 9 Oktoba Uganda inasherehekea uhuru wake, na tarehe 20 Oktoba ni Mashujaa kule Kenya. Lengo linalosema "kila siku ya kazi" lina siku mbili tofauti kulingana na upande uliokaa, na mtu asiyekuwa ofisini kwa sikukuu ya nchi yake atakuja kuhesabiwa kuwa amekosa.

Rasimu ya kwanza ya lengo, kama ambavyo wasimamizi wengi wangeiandika, ingekuwa hii: "Ilikubaliwa kwamba kasi ya entri iongezwe." Sentensi hiyo ina maradhi mawili. Haina mtu, kwa maana haisemi nani alikubali wala nani ataongeza. Na haina kipimo, kwa maana baada ya miezi miwili kila mmoja anaweza kuisoma anavyotaka. Ninaposahihisha kurasa za namna hii, kazi yangu ya kwanza ni kupiga mstari chini ya kila "ilikubaliwa," "itafanywa" na "itaboreshwa," na kuuliza: na nani?

Lakini kasoro kubwa zaidi haimo ndani ya sentensi. Imo katika kutengwa kwake na dakika ya 11. Msimamizi alitaka entri zote ziingie siku hiyohiyo. Karani alikuwa amekwisha kueleza, dakika 20 kabla, kwamba nyaraka zinamfikia usiku na hazisomeki. Ukiandika lengo katika orodha moja na dukuduku katika orodha nyingine, umeandika vitu viwili visivyojuana, na karani atawajibika kwa faili ambazo hakuwa na uwezo nazo. Mara nyingi dukuduku la mfanyakazi huwa ni sharti la lengo ambalo hakupata nafasi ya kulitaja kama sharti. Mwandishi mzuri wa ukurasa huu analirudisha mahali pake:

"Lengo la 1. Karani atawasilisha entri siku ileile kwa kila faili ambalo nyaraka zake zimemfikia zikiwa kamili kabla ya saa 10 jioni (16:00), siku ambazo ofisi ya Malaba iko wazi. Kipimo: angalau faili 9 kati ya 10. Muda: Jumatatu 6 Oktoba hadi Ijumaa 28 Novemba 2025. Dakika ya 11 na ya 31."

"Lengo la 2. Msimamizi atahakikisha ofisi ya Busia inatuma nyaraka zilizoskaniwa, si picha za simu, na namba ya kontena na ya gari zikiwa zimechapwa ndani ya ujumbe. Kipimo na muda ni kama Lengo la 1. Dakika ya 11."

Neno "kamili" lazima lifafanuliwe, la sivyo ugomvi utahamia humo. Kwa kazi hii ni ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, na zile namba mbili. Karani naye anapewa wajibu mdogo: ndani ya nusu saa ya kupokea ajibu "kamili" au ataje kinachokosekana. Kipimo hakihitaji fomu mpya. Saa ya kufika kwa nyaraka iko kwenye WhatsApp, na saa ya kuwasilisha entri iko kwenye ASYCUDA World. Lengo linalopimwa kwa kumbukumbu ambazo tayari zinajiandika lina nafasi kubwa ya kupimwa kweli. Lile linalohitaji mtu ajaze jedwali kila jioni hufa wiki ya pili.

Tuone tofauti kwa hesabu. Tuseme wiki ya kwanza zimeingia faili 22. Sita zimefika baada ya saa kumi au zikiwa na upungufu. Zimebaki 16, na kati ya hizo karani amewasilisha 14 siku ileile. Kwa maneno ya dakika ya 31, "zote siku hiyohiyo," amepata 14 kati ya 22, chini ya thuluthi mbili, na anaitwa mzembe. Kwa Lengo la 1 amepata 14 kati ya 16, ambayo ni asilimia 87.5, pungufu kidogo ya alichoahidi, na zipo faili mbili za kuulizia. Kwa Lengo la 2 ofisi ya Busia imetoa faili kamili kwa wakati 16 kati ya 22, na hapo ndipo msimamizi anapoona malori yake yanachelewea wapi.

Sasa dukuduku. Hapa pana kanuni ambayo ningependa msomaji aishike hata akisahau mengine yote: lengo linahitaji kukubaliwa na pande mbili, dukuduku linahitaji kusikika na pande mbili. Ni sahihi za aina mbili. Msimamizi hana haja ya kukiri kwamba madereva walikosea ili aandike kuwa karani anasema madereva wanampigia saa saba usiku. Karani naye hana haja ya kukiri kwamba hashiki simu ili akubali kuwa msimamizi amelisema hilo. Ukiwalazimisha watu wakubaliane juu ya ukweli wa dukuduku, utapata moja ya mambo mawili: ama halitaandikwa, ama litaandikwa likiwa limelainishwa mpaka mwenyewe halitambui. Kwa hiyo dukuduku huandikwa kwa maneno ya mwenyewe, likifuatiwa na mstari mmoja wa litakalofanyika, nani, lini. Ikiwa hakuna litakalofanyika, iandikwe hivyo na sababu yake. Mtu huvumilia "hapana, bajeti ya mwaka huu imefungwa" kuliko "tutaiangalia" ya mwaka mzima.

Rasimu ikiwa tayari, inakwenda kwanza kwa aliye chini. Si adabu tu. Msimamizi akishatia sahihi, karani anayesoma baada yake hasahihishi tena, anapokea. Akisoma wa kwanza, kalamu iko kwake. Pembeni ya kila lengo aandike moja kati ya matatu: nakubali, sikubali, au lirekebishwe hivi. Pembeni ya kila dukuduku lake aandike ndivyo au sivyo. Apewe siku mbili kamili, na asiandike mbele ya msimamizi. Kisha msimamizi anafanya vivyo hivyo kwenye karatasi ileile, akiyaona masahihisho ya mwenzake.

Halafu wanakutana, safari hii kwa robo saa, bila kurekodi. Karatasi inageuzwa kifudifudi. Karani anaombwa aeleze kwa maneno yake ni nini atafanya kuanzia tarehe 6, na msimamizi anaombwa aeleze dukuduku la karani mpaka karani mwenyewe aseme naam, ndilo hilo. Wauguzi hutumia njia hii kuhakikisha mgonjwa ameelewa namna ya kunywa dawa. Hapa inatumika pande zote mbili, na mara nyingi anayekwama ni mkubwa. Katika mfano wetu karani anaeleza Lengo la 1 bila tatizo. Msimamizi, akieleza la karani, anasema: "Unasema madereva wanakusumbua." Karani anatikisa kichwa.

"Hapana, madam. Nasema wanapiga usiku, mimi nazima simu nikilala, asubuhi wanakuja kwako kusema sishiki."

Zile sekunde 9 zimejibiwa, na sentensi inaandikwa upya. Linalofanyika: madereva wapewe namba ya zamu ya usiku ya ofisi ya Busia, msimamizi awaambie kabla ya tarehe 6.

Rekodi ina nafasi gani katika hatua hii? Ndogo kuliko watu wanavyodhani. Inaamua ubishi wa aina moja tu: ulisema au hukusema. Hapo ndipo zile namba za dakika pembeni zinapofaa, mnafungua dakika ya 19 mnasikiliza sekunde 20, basi. Haiwezi kuamua kama unakubali. Karani akisema, "Ni kweli nilisema sawa, lakini nimefikiri, kabla ya saa kumi haitawezekana siku za Jumatatu," hajavunja ahadi, maana ahadi bado haijawekwa. Msimamizi anayejibu kwa kubonyeza kitufe na kumsikilizisha "sawa" yake mwenyewe atapata sahihi. Ataipata, na tathmini ijayo atazungumza na mtu anayepima kila neno kama yuko kizimbani.

Upande wa pili nao una hila yake. Msimamizi akiandika rasimu hukumbuka jambo alilokusudia kulisema asiliseme, akalichomeka. Dawa yake ni namba ya dakika: mstari usio na dakika hauingii katika malengo. Unaweza kuwekwa chini kabisa ya ukurasa, chini ya maneno "limeongezwa baada ya mazungumzo," na karani ana haki ya kuuacha hapo hadi wakutane tena.

Wakishindwa kukubaliana, ukurasa usisubiri. Andika sentensi mbili, moja ya kila upande, zikiwa na urefu unaokaribiana, na tarehe ya kulirudia. Ukurasa wenye malengo mawili yaliyokubaliwa na moja lenye sentensi mbili zinazopingana una thamani kuliko ukurasa wenye matatu ambayo moja limetiwa sahihi kwa woga. Dalili ya sahihi ya woga si ngumu kuiona: masahihisho ni sifuri. Karatasi iliyorudi kutoka kwa karani haina hata herufi moja iliyoguswa, na imerudi baada ya dakika tano. Nikiona hivyo namrudishia, na swali langu huwa ni moja: ni mstari upi ungeuandika tofauti kama mimi nisingeusoma?

Lugha nayo haiepukiki. Kati ya Busia na Tororo mazungumzo ya nusu saa hupita katika Kiswahili, Kiingereza na Kiganda, na kama wote wawili ni wenyeji, Kiteso, Kisamia au Kijopadhola huingia pale penye hisia. Hisia ndizo hasa zinazobeba dukuduku. Daftari liandike maneno hayo kama yalivyotamkwa, na tafsiri ithibitishwe na aliyeyasema, isifanywe na mwingine. Ukurasa wenyewe uwe katika lugha ambayo mfanyakazi angeitumia kumsimulia jirani yake. Kampuni ikitaka nakala ya Kiingereza kwa ajili ya faili, itengenezwe baadaye, na iandikwe wazi kuwa nakala inayotawala ni ile iliyotiwa sahihi.

Mpaka hapa nimezungumzia tathmini ya kawaida. Pana mahali ambapo njia hii inapaswa kusimama. Mazungumzo yakianza kuelekea kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, si tathmini tena. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu katika lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inataka aelezwe katika lugha atakayoielewa na aruhusiwe kuwa na mtu wa kuchagua kwake. Mazungumzo ya watu wawili na simu mezani hayatimizi hilo, hata yangerekodiwa kwa ufasaha wa redio. Hata hivyo kurasa zilizothibitishwa zinaweza kufika mahakamani. Katika shauri lililoihusu Ol Tukai Lodge, Shauri namba 823 la mwaka 2010, mahakama ya ajira ya Kenya ilitaka mwajiri anayedai utendaji duni aonyeshe kwamba alikuwa na utaratibu wa kuupima utendaji huo, na kwamba alichukua hatua za kuurekebisha. Ukurasa kama wetu unaonyesha yote mawili. Na unamlinda karani pia, kwa sababu Lengo la 2 lina jina la cheo cha msimamizi.

Mahali pa pili pa kusimama ni pale mfanyakazi anapomtaja mtu wa tatu katika jambo zito, tuseme afisa fulani anadai hongo, au mwenzake wa ofisini anamshika bila ridhaa yake. Hilo lisiandikwe kwenye ukurasa wa malengo hata kwa mafumbo. Rekodi isimamishwe hapohapo, mfanyakazi aelezwe njia ya malalamiko iliyopo, na jambo liende huko peke yake. Likiachwa katikati ya hesabu za entri, litaonekana na kila atakayelifungua faili kutafuta kiwango cha bando.

Tarehe 28 Novemba wanakaa tena. Wanaanza na ukurasa, si na rekodi, kwa sababu rekodi haipo. Ilifutwa siku ukurasa ulipotiwa sahihi, kama walivyoahidiana katika dakika ya kwanza. Kufuta nako kuna ufundi wake. Faili la dakika 48 katika ubora wa kawaida wa kinasa sauti cha simu huweza kufika megabaiti 20 hivi, na simu nyingi hulipeleka mtandaoni zenyewe bila kuuliza. Kwa hiyo lifutwe kwenye kinasa, kisha kwenye kapu la vilivyofutwa, ambako simu nyingi hukaa nalo siku 30, kisha kwenye Google Drive au popote simu inapohifadhi nakala. Na kama kuna aliyejitumia WhatsApp ili asikilizie nyumbani, iko huko pia. Karani aonyeshwe skrini ikiwa tupu, na chini ya sahihi mbili uongezwe mstari mmoja: rekodi imefutwa, tarehe, mbele ya nani.